Picha ya mbawakawa iliyokataliwa: kuunganisha fokasi, panorama na shata ndefu si kughushi

*"Nilipiga picha ya mbawakawa aliyekufa kwa lenzi ya makro, fremu 27, kila moja fokasi nimeisogeza kidogo, kisha nikaziunganisha kwenye kompyuta. Mdudu mzima ametokea mkali, kuanzia vipapasio hadi mwisho wa mgongo. Mwamuzi wa shindano la klabu yetu ameikataa. Anasema lenzi haiwezi kutoa picha ya namna ile, na kwamba kuna alama za kufutafuta. Wenzangu wawili nao wamehojiwa, mmoja kwa panorama, mwingine kwa picha ya uwanja mtupu mchana kweupe. Je, tumedanganya? Na nitathibitishaje kuwa sikudanganya?"*

Ndugu yangu, mwamuzi wako ana haki katika jambo moja na amekosea katika jingine. Ni kweli kwamba hakuna lenzi inayoweza kutoa picha ile kwa mbofyo mmoja. Alipokosea ni pale alipodhani kwamba kisichowezekana kwa mbofyo mmoja lazima kiwe kimebuniwa. Ukijua kwa nini lenzi inashindwa, utajua pia jinsi ya kumweleza.

Tuanze na hesabu. Unapopiga kitu kidogo kwa ukubwa wake halisi, yaani milimita moja ya mdudu inachukua milimita moja ya sensa, kina kinachoonekana kikali ni chembamba mno. Kwa kamera ya sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, na tundu la f/5.6, kina hicho ni takriban milimita 0.67, kwa kipimo cha kawaida cha ukali. Mbawakawa wako tumkadirie ana kina cha milimita 8 kutoka kipapasio cha mbele hadi mwisho wa mgongo. Maana yake fremu moja inakupa chini ya sehemu moja ya kumi ya mdudu, na kilichobaki ni ukungu.

Jibu ambalo wengi hulitoa haraka ni hili: bana tundu. Ukienda f/16, kina kinafika karibu milimita 1.9, ambayo bado ni chini ya robo ya mdudu. Kuna hasara nyingine inayokuja nayo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo hujipinda kidogo kwenye kingo na kutawanyika, kiasi kwamba nukta moja ya mwanga hutua kwenye sensa ikiwa kiduara. Katika upigaji wa karibu namna hii, f/16 iliyoandikwa kwenye kamera hufanya kazi kama f/32, kwa sababu lenzi iko mbali na sensa kuliko kawaida. Kiduara hicho kinafika upana wa milimita 0.043. Kwenye sensa ya megapikseli 24, pikseli moja ina upana wa milimita 0.006, hivyo nukta moja inamwagika juu ya pikseli saba hivi. Vinyweleo vya mdudu vinageuka uji. Kwa f/5.6 kiduara hicho ni milimita 0.015 tu, pikseli mbili na nusu, na vinyweleo vinabaki vinyweleo.

Kwa hiyo mpigapicha wa wadudu anabanwa pande zote mbili. Akifungua tundu anapata ukali bila kina, akibana anapata kina kidogo bila ukali. Kuunganisha fokasi ndiyo njia ya kutoka hapo: unabaki kwenye tundu ambalo lenzi inafanya kazi vizuri, unasogeza fokasi hatua kwa hatua, kisha programu inachukua kutoka kila fremu ile sehemu iliyotoka kali. Kila pikseli ya picha ya mwisho imetokana na mwanga uliotoka kwa mbawakawa yuleyule, akiwa mahali palepale, katika dakika zilezile. Hakuna kilichoongezwa kutoka nje. Kilichoondolewa ni ukungu wa lenzi, na ukungu huo haukuwa sehemu ya mdudu.

Fremu 27 nazo zina maelezo. Kina cha fremu moja kikiwa milimita 0.67, hatua ya milimita 0.4 inaacha sehemu kali ya kila fremu iingie ndani ya ile inayofuata kwa zaidi ya robo ya milimita. Milimita 8 ukizigawa kwa 0.4 unapata hatua 20, yaani fremu 21. Ongeza fremu tatu mbele ya kipapasio na tatu nyuma ya mgongo, kwa sababu ni rahisi kutupa fremu za ziada kuliko kugundua baadaye kwamba ncha ya kipapasio haikupigwa. Jumla 27. Mtu aliyebuni picha hana hesabu kama hii, na ukimwekea mwamuzi hesabu hii mezani atakuwa na kitu cha kukagua.

Sasa tuje kwenye hizo alama za kufutafuta. Naamini mwamuzi aliziona kweli, na nadhani najua alichokiona. Picha ya fokasi zilizounganishwa ina makovu yake, na makovu hayo hufanana sana na kazi ya mtu aliyefuta kitu vibaya.

La kwanza, na ndilo gumu kuliko yote, ni utepe wa ukungu kando ya kipapasio pale kinapopita mbele ya mgongo. Fikiria fremu ambayo fokasi imetua kwenye mgongo. Kipapasio kiko mbele, nje ya fokasi, kwa hiyo kimevimba na kuwa wingu pana linalofunika mgongo kushoto na kulia kwake. Nenda kwenye fremu ambayo kipapasio ni chembamba na kikali: sasa mgongo ndio ulio na ukungu. Ile sehemu ya mgongo iliyo jirani kabisa na kipapasio haikuwa kali katika fremu yoyote kati ya zote 27. Programu haina cha kuchukua, na inaacha mwangwi mweupe au wa kijivu ukifuata kipapasio. Mtu asiyejua ataapa kwamba kipapasio kimekatwa mahali pengine na kubandikwa hapo.

La pili ni madoa yanayojipanga kwenye mstari. Vumbi likikaa kwenye sensa hubaki mahali pamoja katika kila fremu. Lakini unaposogeza fokasi, ukubwa wa picha hubadilika kidogo, na programu hulazimika kuzikuza au kuzipunguza fremu ili mdudu alingane. Mdudu analingana, ila vumbi sasa linahama. Punje moja inakuwa msururu wa vidoa vinavyoelekea ukingoni mwa picha, kama nyayo. Ukiona msururu wa aina hiyo, hakuna shaka unatazama fremu nyingi zilizopangwa, maana mtu anayefuta kwa brashi hawezi kuacha alama iliyonyooka hivyo kutoka katikati kwenda nje.

Kuna pia michirizi ya kali na ukungu ikipokezana mgongoni, ambayo ni dalili kwamba hatua zilikuwa ndefu mno au kwamba fremu moja katikati iliharibika. Na kuna kipapasio kilichoonekana mara mbili. Hata mdudu aliyekufa husogea: viungo hulegea au kukakamaa anapokauka, na joto la taa huharakisha hilo. Milimita 0.1 ambayo macho hayaioni ni pikseli zaidi ya 16 kwenye sensa hiyo. Ndiyo maana inafaa kumweka mdudu mahali pake, kuwasha taa, na kungoja dakika kadhaa kabla ya fremu ya kwanza.

Utepe ule wa kando ya kipapasio ndio unaoleta swali la uadilifu, kwa sababu hapo ndipo mkono unapowasha kutaka kurekebisha. Programu nyingi za kazi hii zina brashi inayokuruhusu kuchagua fremu moja, tuseme ya 14, na kupaka sehemu yake juu ya matokeo. Kwa maoni yangu hilo halina neno: bado unachagua kati ya vitu ambavyo kamera iliviona mahali hapohapo. Mambo yanabadilika ukichukua kipande cha ganda kutoka upande mwingine wa mgongo na kukipandikiza kando ya kipapasio. Sasa umeweka vinyweleo mahali ambapo hukuviona. Kwa picha ya kupamba ukuta pengine hakuna atakayeumia. Kwa picha inayosema "hivi ndivyo mbawakawa huyu alivyo", umevuka mpaka, hata kama umebadilisha eneo dogo kuliko ukucha. Jiulize kwa dhati kama ulifanya hivyo, maana utetezi wako wote unasimama hapo.

Kama hukufanya, uthibitisho ni mwepesi kuliko unavyodhani. Usitegemee taarifa zilizofichwa ndani ya faili la mwisho. Programu nyingi huandika humo taarifa za fremu moja tu: f/5.6, shata moja, saa moja. Mwamuzi aliyefungua taarifa hizo akaona f/5.6 kwenye mdudu mkali mzima alikuwa na sababu ya kushtuka. Mpelekee faili zote 27 za RAW jinsi kamera ilivyoziandika, bila kubadilisha majina. Namba za faili zitafuatana, saa zitafuatana kwa sekunde chache chache, na akizipitisha harakaharaka moja baada ya nyingine ataona mstari mwembamba wa ukali ukitembea juu ya mdudu kuanzia kipapasioni hadi nyuma. Mtu akishauona mstari huo ukitembea, kwa kawaida hahitaji maelezo mengine.

Akitaka zaidi, mwache aunganishe mwenyewe. Programu ya bure ya Hugin huja na zana mbili zinazotosha. Zigeuze fremu kuwa TIFF kwa mpangilio mmoja wa rangi, ziweke kwenye folda moja, kisha endesha amri hizi:

```
align_image_stack -m -a al_ *.tif
enfuse --exposure-weight=0 --saturation-weight=0 \
  --contrast-weight=1 --hard-mask \
  --output=mdudu.tif al_*.tif
```

Amri ya kwanza inalinganisha fremu, na ile `-m` ndiyo inayoiambia irekebishe pia mabadiliko ya ukubwa niliyoyataja. Ya pili inachagua ukali: inaambiwa isijali mwangaza wala rangi, itazame tofauti za karibu kati ya pikseli tu, na `--hard-mask` inaizuia isichanganye fremu kali na zenye ukungu. Picha itakayotoka haitalingana na yako pikseli kwa pikseli, kwa kuwa kila programu ina njia yake ya kuchagua. Lakini mbawakawa atakuwa yuleyule, vinyweleo vilevile, hata ule utepe utatokea mahali palepale. Picha iliyobuniwa haiwezi kurudiwa namna hiyo na mtu mwingine kutoka kwenye faili ghafi.

Sasa wenzako wawili. Kesi zao zina mantiki ileile, ingawa kila moja ina mtego wake.

Panorama inaondoa kikwazo cha upana jinsi ambavyo kuunganisha fokasi kunaondoa kikwazo cha kina. Mfano ninaoupenda ni picha ambayo chombo cha Curiosity kilijipiga kikiwa kwenye sayari ya Mirihi tarehe 31 Oktoba 2012, mahali palipopewa jina la Rocknest. Chombo kinaonekana kizima, kimesimama juu ya mchanga, na mkono ulioshika kamera hauonekani. Watu wengi waliuliza swali la haki kabisa: basi nani alipiga picha? Jibu ni kwamba ile ni fremu 55 zilizounganishwa, zilizopigwa na kamera iitwayo MAHLI iliyo kwenye ncha ya mkono huo. Mkono ulijikunja upya kwa kila fremu ili kuielekeza kamera sehemu nyingine, hivyo kila eneo lilipigwa mkono ukiwa umeliacha wazi. Mahali uliponaswa kidogo katika fremu moja palifunikwa na fremu jirani ambayo haukuwamo. Na kamera hiyohiyo, kwa kuwa inatazama punje za mchanga kwa karibu mno, ina uwezo wa kuunganisha hadi fremu nane za fokasi ikiwa hukohuko Mirihi, kabla ya kutuma picha duniani. Wanasayansi wanaosoma miamba kwa picha wanatumia mbinu yako, ndugu.

Kinachoifanya panorama ionekane ya kughushi mara nyingi ni nguzo iliyokatika, ukuta ulionyooka uliopinda kama upinde, au mtu aliyetokea mara mbili. Nguzo kukatika husababishwa na kuzungusha kamera mahali pasipofaa. Kamera inapaswa kuzunguka kwenye mboni ya lenzi, yaani pale tundu lake linapoonekana kuwa ukilitazama kwa mbele. Tuseme wewe umeizungusha kwenye skrubu ya tripodi iliyo sentimita 10 nyuma ya hapo. Ukigeuza nyuzi 30, mboni inahama kwa sentimita 5 hivi. Mlima wa mbali hautajali, lakini nguzo iliyo mita moja kutoka kwako itahama nyuzi 3 ukilinganisha na mlima, sawa na pikseli zipatazo 400 kwa lenzi ya milimita 50 na sensa niliyoitaja. Programu haiwezi kuipatanisha nguzo na mlima kwa wakati mmoja, inachagua kimoja na kukikata kingine. Tiba ni reli fupi inayorudisha kamera nyuma juu ya tripodi. Unaitambua nafasi sahihi kwa kutazama vitu viwili, cha karibu na cha mbali, vilivyo kwenye mstari mmoja: ukizungusha kamera na vikabaki vimepangana, umefika. Kama huna reli, jitahidi kusiwe na kitu chochote karibu.

Zaidi ya hapo, funga kila kitu kwa mkono: shata, tundu, ISO, mizani ya rangi na fokasi. Acha fremu zipishane kwa theluthi moja hivi. Ukiacha kamera ijiamulie mwangaza, anga itatoka na mistari ya wima ya bluu nzito na bluu nyepesi, na hiyo ndiyo alama inayowafanya waamuzi waseme "imebandikwa". Ukuta uliopinda ni matokeo ya kuitandaza duara kwenye karatasi bapa, jambo ambalo hata wachora ramani hawajaliepuka. Unaweza kuchagua mtandazo unaonyoosha mistari, ila kwa upana unaozidi nyuzi 100 hivi pembeni patavutika vibaya.

Mtu kutokea mara mbili ni jambo la kulichukulia kwa uzito zaidi. Fremu ya kwanza na ya mwisho zinatenganishwa na sekunde kadhaa, na mtu aliyetembea kuelekea upande unaozungusha kamera anaweza kunaswa tena. Kila pikseli ni ya kweli, lakini picha inadai watu wawili walikuwapo. Hapo mbinu halali imezaa habari ya uongo bila mtu yeyote kukusudia. Mwenzako akague panorama yake kwa ukubwa kamili, na akimkuta mtu wa namna hiyo, aunganishe upya akichagua fremu ili mtu huyo atokee mara moja tu, na aseme amefanya hivyo.

Ule uwanja mtupu ndio unaonifikirisha zaidi, kwa sababu ni fremu moja. Hakuna kompyuta iliyoingilia, faili la RAW ni moja, na kanuni yoyote inayosema "fremu moja tu" itaipitisha bila swali, ilhali kati ya picha zenu tatu ndiyo iliyo mbali zaidi na kile ambacho jicho lingeona.

Utaratibu wake ni huu. Filta nyeusi ya hatua 10 hupunguza mwanga mara 1,024. Shata ambayo ingekuwa 1/60 ya sekunde inakuwa sekunde 17, na ukibana tundu kidogo unafika 30 kwa urahisi. Chukua mtu mwenye upana wa nusu mita, anayetembea mita 1.4 kwa sekunde. Anafunika sehemu yoyote ya ardhi kwa theluthi moja ya sekunde na ushei. Katika sekunde 30, hiyo ni kama asilimia 1.2 ya mwanga uliofika hapo, kiasi ambacho jicho halikitambui. Ardhi ilitoa asilimia 98.8 iliyobaki, kwa hiyo picha inaonyesha ardhi. Akisimama sekunde 10 kusoma ujumbe kwenye simu, anatoa theluthi ya mwanga na anatokea kama kivuli unachoweza kuona vitu vilivyo nyuma yake. Akikaa kwenye benchi muda wote, anatokea mzima. Jambo hili ni la kale sawa na upigaji picha wenyewe: mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris kwa shata ya dakika kadhaa, na barabara yenye pilikapilika ikatokea tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu.

Hivyo mwenzako anaweza kujitetea kwa kuonyesha masalia. Vivuli hafifu vya waliosimama kidogo, majani ya miti yaliyolainika kwa upepo, mawingu yaliyovutika, maji yaliyogeuka kama maziwa: aliyefuta watu kwa brashi hana vitu hivyo, kwa kuwa fremu ya shata fupi ina majani makali na mawingu yenye kingo. Mawingu yakiwa makali na uwanja ukawa hauna hata kivuli kimoja, mimi mwenyewe ningeomba kuona faili ghafi.

Lakini picha hiyo akiiandikia maelezo yanayosema hakuna aliyekuja uwanjani siku ile, itakuwa uongo mtupu, tena kwa fremu moja isiyoguswa. Akiandika "uwanja saa saba mchana, shata ya sekunde 30", imekuwa kweli. Ndiyo maana siupimi ukweli wa picha kwa idadi ya fremu. Ninauliza mambo mawili: je, kila kilichomo kilikuwa mbele ya lenzi mahali hapo na katika kipindi hicho, na je, mtazamaji ameambiwa kipindi hicho na njia iliyotumika?

Kwako wewe, maelezo yanayotosha ni mstari mmoja: "Mbawakawa aliyekufa, fremu 27 za fokasi zilizounganishwa, ukubwa halisi, f/5.6." Neno "aliyekufa" usiliache. Mtazamaji akidhani ni mdudu hai aliyetulia kwenye jani, umemdanganya zaidi kwa kunyamaza kuliko kwa fremu zote 27.

Jambo jingine la kulitenganisha ni kukataliwa na kushutumiwa. Klabu ina haki ya kuweka kanuni ya fremu moja, na mashindano mengi ya habari yana kanuni ya namna hiyo, wakati mengi ya maumbile huruhusu kuunganisha fokasi na panorama mradi fremu zote zipigwe mahali pamoja kwa wakati mmoja na itajwe. Kama kanuni yenu inasema fremu moja, picha yako haistahili kushindana hapo, na huna sababu ya kupinga. Ila "haistahili" si "ya kughushi", na hilo la pili una haki ya kuomba lifutwe kwenye kumbukumbu. Kama kanuni haisemi kitu, omba jibu la maandishi kabla ya shindano lijalo.

Usilimalize hili kwa kurushiana ujumbe. Omba kukaa na mwamuzi na mtu wa tatu anayejua makro, mkiwa na kompyuta yenye faili zote. Nusu saa inatosha. Mkigundua fremu zenu zinahama kando kwa kurukaruka badala ya kukua taratibu, pengine kuna kipande kilicholegea ndani ya lenzi au reli inateleza, na hilo fundi wa lenzi aliangalie kwa mikono yake, maana programu italificha kwa muda tu. Na ikitokea siku moja picha kama hii ikahitajika kama ushahidi, mahakamani, kwa bima au kwenye maabara, zungumza kwanza na mhusika wa huko kabla hujaunganisha chochote, na mkabidhi faili ghafi pamoja na matokeo.

Kwa sasa, kabla hata ya kumpigia mwamuzi, nakili zile faili zote 27 kwenye diski ya pili, zikiwemo zile sita za mbele na nyuma ambazo huenda ulikuwa unafikiria kuzifuta.